Masika ya Kitufe cha Mwalimu

Jumapili. Mawingu, mvua bado

Daftari hili kanipa Mwalimu. Anasema niandike kila siku, mkono usije ukasahau herufi. Mimi kusoma nilisomea ukubwani, ndevu zimeshaota, na aliyenifundisha ni yeye huyuhuyu mke wangu, kabla hajawa mke wangu. Kwa hiyo ukiona mahali nimekosea, mlaumu mwalimu, usimlaumu mwanafunzi.

Mimi ni fundi makufuli. Nimestaafu lakini mikono haijastaafu. Mtaa huu hakuna kufuli lililowahi kunizidi ujanja. Mlango wa benki uligoma siku moja, wakaita watu wenye tai, tai zikalowa jasho, mwisho wakaja kuniita mimi. Niliwaambia neno moja tu: "Leta hapa." Nikafungua. Tangu hapo watu wananiita Leta-Hapa, na jina hilo sikulikataa.

Leo hakuna jingine. Mwalimu anaangalia simu yake kama mtu anayeangalia nyoka.

Jumatatu. Manyunyu

Nimejua nyoka ni nini. Simu ya Mwalimu inatoa maandishi juu ya kioo: *Sasisho la mfumo lipo tayari.* Chini kuna vitufe viwili. Kimoja *Pakua na usakinishe*. Kingine *Baadaye*. Amebonyeza Baadaye.

Nikamwambia, "Leta hapa."

Akaiweka simu kifuani kama mtoto mchanga. "Hii siyo kufuli, mzee."

Jumanne

Mvua. Amebonyeza Baadaye.

Jumatano

Amebonyeza Baadaye, kisha akaniambia anamsubiri mjukuu afunge chuo, aje akae kando yake, ndipo abonyeze.

Nikauliza, "Akae kando yako afanye nini?"

"Akae tu."

Akae tu! Mimi nimekaa kando ya mwanamke huyu miaka mpaka kiti kimechukua umbo langu. Leo anasubiri mtu asafiri kutwa nzima ndani ya basi, kwenye matope, aje *akae tu*. Nimekunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa imepoa.

Ijumaa. Mvua kubwa, mfereji umejaa

Leo niandike kirefu, maana nimepata ukweli wote.

Ile programu anayotumia kutuma ujumbe na sauti imeleta tangazo. Inasema mwezi huu ukiisha haitafanya kazi tena kwenye simu zenye mfumo wa zamani. Yaani asipobonyeza lile sasisho, programu itafungwa. Na humo ndani kuna sauti za mdogo wake.

Shemeji yangu huyo alifariki kiangazi kilichopita. Alikuwa anaishi mbali, na kila asubuhi alikuwa anamtumia dada yake sauti. Ndefu. Anapika huku anasema, sufuria zinalia nyuma yake. Anacheka kabla hajamaliza kichekesho, na kichekesho chenyewe mara nyingi nilikuwa mimi. "Shemeji Leta-Hapa hajambo? Bado ananyang'anya watu vijiko?" Nilikuwa namsikia kutoka uani, navumilia kwa kuwa ni shemeji.

Sasa Mwalimu husikiliza sauti moja kila siku, baada ya kufagia. Moja tu. Anazitunza kama mtu mwenye sukari kidogo na masika marefu.

Nikamwambia, "Basi bonyeza, zisifungwe."

Akasema, "Na zikifutika?"

Hapo nikamwelewa, ingawa sikumwambia. Simu yake ya kwanza aliipeleka kwa yule kijana wa simu pale kona. Kijana akaichukua mkononi, tap tap tap, "tayari bibi", na simu ikarudi tupu, haina picha wala jina la mtu. Kijana akasema alikuwa anaifanya iwe nyepesi! Shemeji alikuwa hai wakati ule. Alimwambia, "Usilie dada, nitakutumia sauti nyingine mpaka uchoke." Na kweli alituma. Sasa nani atatuma?

Kwa hiyo akibonyeza anaogopa zitafutika. Asipobonyeza zitafungwa. Mwezi unakwenda, mvua inanyesha, na mke wangu kakaa katikati akimsubiri mjukuu.

Siyo mimi. Mjukuu.

Jumamosi

Amebonyeza Baadaye. Nimetengeneza bawaba ya mlango wa jikoni, nikaifungua na kuifunga mara nyingi ili asikie ilivyo laini. Hakusema kitu.

Jumapili. Jua kidogo asubuhi

Mjukuu kapiga simu. Wameongea mpaka sikio la Mwalimu likawa jekundu. Nikasikia "eeh mke mwenza", "sawa mke mwenza", "sigusi kitu mke mwenza". Ndivyo wanavyoitana kwa utani, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wangu mdogo. Lakini mume gani anawekwa nje ya kikao cha wake zake wawili? Nilisimama mlangoni na bisibisi mkononi kama fundi aliyekuja kudai.

Mwisho Mwalimu kaniletea simu niongee na mjukuu. "Babu, mume wangu, hujambo?"

"Sijambo. Kitufe tu hicho. Mimi ningekwisha kukibonyeza."

Akacheka. "Najua, babu. Ndiyo maana bibi ananisubiri mimi."

Sijaelewa alimaanisha nini. Lakini kicheko hicho ni cha shemeji kabisa. Hata aliyekufa kaacha mtu wa kunicheka.

Jumanne

Mvua. Baadaye. Ndizi zimeoza kwa unyevu.

Jumatano

Mkuu wa shule wa zamani, aliyefundisha pamoja na Mwalimu, kamtumia tena video. Kila alfajiri anatuma kwenye kundi la walimu wastaafu: maua yanafunguka, jogoo anacheza muziki, "asubuhi njema wapendwa". Mwalimu akatabasamu. Nilimwambia kwamba huyo mzee angekuwa na kazi asingekuwa na wakati wa kumvalisha jogoo miwani.

Alhamisi. Mvua na radi

Leo yametokea.

Mwalimu alikwenda kumwona jirani mgonjwa, simu akaiacha kwenye kabati. Wakati huo haikuwa na namba ya siri, unasukuma kioo kwa kidole inafunguka. Kufuli gani hilo! Hata komeo la banda la kuku lina heshima zaidi.

Nikasema moyoni, nitamaliza jambo hili kabla hajarudi. Akirudi atakuta limekwisha, ataniambia ahsante mume wangu, na yule mke mdogo atapiga simu nimwambie, "Kaa hukohuko, kazi imeshafanywa na mwenye nyumba."

Nikabonyeza *Pakua na usakinishe*.

Ukatokea mstari mwembamba, ukaanza kujaa rangi ya bluu. Polepole, kama maji ya bomba siku za mgao. Nikakaa nayo. Nilijisikia kama ile siku ya mlango wa benki.

Halafu radi, umeme ukakatika. Sikujali, simu ina betri yake. Lakini sikuwa nimeangalia betri ikoje, na ilikuwa imebaki kidogo sana, alama yake nyekundu. Nikaona maandishi yamekuja, nikaanza kuyasoma. Mimi nasoma kwa kuvuta, silabi kwa silabi, na simu haimsubiri mtu anayevuta. Nilipofika "be-tri i-me", kioo kikawa cheusi.

Nikabonyeza ubavuni. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Nikaipuliza. Nikaifuta kwa shati. Niliwahi kufungua makufuli yaliyolala chini ya maji, lakini ile haikuwa na tundu la kuingiza chochote.

Nikairudisha kwenye kabati, upande uleule, uso juu. Nikaenda kukaa uani.

Mwalimu akarudi, akavua viatu, akafagia. Akaenda kuchukua simu asikilize sauti yake ya siku.

Sikumsikia akipiga kelele. Ningependa angepiga. Alitoka tu akasimama mlangoni, simu mkononi, akasema, "Umegusa?"

Nikasema, "Umeme umekatika."

"Sikuuliza umeme. Umegusa?"

Mvua ikanisaidia kujibu, ilikuwa inapiga bati.

Akasema, "Mdogo wangu amekufa mara ya pili, na mara hii ameuawa na mume wangu." Akaingia chumbani.

Mimi nina simu yangu ya vitufe, haina kioo cha kusukuma wala ujinga. Nikampigia mjukuu. Nikamwambia yote, maana hakukuwa na wa kumdanganya. Hakucheka safari hii.

"Babu, mstari ulikuwa umefika mwisho? Simu ilijizima na kuanza kujiwasha?"

"Hapana. Ulikuwa chini ya nusu."

"Basi ilikuwa inapakua tu. Kupakua ni kama umekwenda dukani kununua kitasa kipya. Bado hujagusa mlango. Njiani umechoka ukakaa chini, kitasa kipo, mlango wa zamani upo vilevile. Ungezima wakati inasakinisha, hapo mlango ungekuwa umeshang'olewa. Umeme ukirudi ichomeke kwa waya wake wenyewe, usiiguse. Betri ikikauka kabisa inakaa kimya kwanza, hata alama haionyeshi. Usibonyeze-bonyeze. Subiri."

Umeme ulirudi jua likikaribia kuzama. Nikaichomeka, nikakaa mbali, mikono nyuma kama mfungwa. Kimya. Kimya tena. Kisha ikatokea picha ndogo ya betri na mstari mwekundu chini yake. Baadaye ikawaka nilipokishikilia kitufe cha ubavuni, hapo mjukuu alishaniruhusu.

Mwalimu akaja. Akaipokea bila kuniangalia. Akafungua, akatafuta, akabonyeza. Sauti ya shemeji ikajaa chumba: "Dada! Leo nimeunguza maharage, usimwambie mtu..."

Akaisikiliza mpaka mwisho. Nami niliisikiliza, mara ya kwanza kwa hiari.

Hakunisemesha. Chakula nilipewa.

Ijumaa

Ameweka namba ya siri. Mjukuu kamwelekeza kwa simu yangu mimi mwenyewe, niliyoishika mimi mwenyewe sikioni kwake. Pia kaweka alama ya kidole, akigusa tu kwa kidole gumba inafunguka.

Mtu kafunga kufuli ndani ya nyumba ya fundi makufuli. Majirani wasisikie.

Jumamosi. Mvua ya upepo

Niliona vidole vyake wakati anaiweka. Jicho langu ni la kazi, siwezi kulizuia. Mbili, tatu, sifuri, nane.

Nimeifikiria siku nzima. Ni tarehe, watu wote huweka tarehe. Ishirini na tatu, mwezi wa nane. Siku yangu ya kuzaliwa siyo. Yake siyo. Ya mtoto wetu yeyote siyo. Ya shemeji siyo, alizaliwa wakati wa vuli. Ya ndoa siyo, hiyo najua kwa kuwa huwa nakumbushwa.

Sasa ni ya nani?

Jumapili

Simpendi yule mzee wa maua.

Jumatatu

Nilimkuta kwa kinyozi, mkuu wa shule huyo, kafunikwa shuka, povu hadi masikioni. Nikakaa kiti cha pili, kinyozi akaanza kichwa changu huku povu la mwenzangu likilainisha ndevu.

Nikamuuliza, "Mwalimu mkuu, hivi wewe ulizaliwa mwezi gani?"

"Wa pili. Kwa nini?"

"Una uhakika siyo wa nane?"

"Leta-Hapa, mama yangu alikuwepo."

Kinyozi alicheka mpaka akaacha kunyoa. Nikaondoka na nusu ya kichwa changu haijaguswa. Mwalimu aliniuliza kilichotokea, nikamwambia ni mtindo.

Jumanne

Mvua. Baadaye. Mwezi unaisha.

Jumatano

Barabara ya basi imekatika darajani. Mwalimu anasikiliza taarifa ya habari kama mtu aliyeacha mtoto mtoni. Nikasema, "Asipofika je?" Nikasema kwa upole, upole wangu wote, "Hata mimi naweza kukaa tu."

Akanitazama. "Wewe huwezi kukaa tu. Hujawahi kukaa tu. Nikikata kitunguu unanichukulia kisu. Nikitia uzi kwenye sindano unaninyang'anya sindano. Mara ya mwisho nilipofungua kopo mwenyewe hata sikumbuki."

"Nakusaidia!"

"Najua," akasema. Akainuka kwenda kuzima jiko. Nikakuta nimeshasimama mimi kulizima. Nikakaa tena. Lakini jiko lilikuwa limeshazimwa, na nani? Na mimi.

Ijumaa. Mvua imetulia

Daraja limewekwa mbao. Mke mdogo kafika, viatu mkononi, matope hadi magotini. Mwalimu alimkumbatia na matope yake. Mimi nikapewa begi nibebe.

Jumamosi. Jua!

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Walikaa mezani karibu na dirisha. Mwalimu kavaa miwani na lile gauni la kwenda mikutanoni, kama anasimamia mtihani. Mjukuu kavuta kiti, akakaa kando yake, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua mikono yake miwili akaiweka chini ya mapaja, akaikalia.

Nikauliza, "Unasikia baridi?"

"Hapana, babu. Mikono yangu ni myepesi kudandia. Nikiikalia inatulia."

Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikijifanya napaka grisi kufuli la zamani. Nilikuwa naomba mtoto yule akosee. Si jambo zuri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hakukosea, kwa sababu hakufanya. Kila kitu kilifanywa na bibi yake.

"Kwanza bibi, tuhifadhi sauti mahali pengine, ili hata simu ikianguka kisimani ziwepo. Fungua programu ya ujumbe. Mipangilio. Umeona neno gumzo? Ingia. Sasa, kuhifadhi."

Mwalimu akasoma: "Hifadhi ya mwisho: Kamwe."

"Umeona? Kumbe ilikuwa haijawahi. Akaunti yako ni hiyo hapo, na namba yako ni hiyo. Ukitumia hizo hizo mbili siku nyingine, sauti zitarudi. Bonyeza Hifadhi."

Kidole cha Mwalimu kikasimama juu ya kioo. Mimi nilishainuka nusu. Mtoto hakutikisika. Alikaa tu, bega lake limegusa bega la bibi. Hakusema "bonyeza" mara ya pili. Saa ya ukutani ilisikika. Nilitaka kupiga kelele, kitufe si hicho hapo!

Mwalimu akabonyeza mwenyewe.

Walitumia mtandao wa simu ya mjukuu. Kuhifadhi kulipokwisha, pale palipoandikwa Kamwe pakaandikwa Leo. Mwalimu akalisoma neno hilo kwa sauti, mara mbili.

Kisha ikawa nafasi haitoshi. Simu imejaa. Hapo nilifurahi kidogo, nikadhani wamekwama. Mjukuu akasema, "Angalia kilichojaza." Wakaingia mahali panapoonyesha mambo makubwa kwanza. Kumbe ni video! Maua, majogoo, asubuhi njema wapendwa, ukurasa juu ya ukurasa. Mzee yule alikuwa amehamia ndani ya simu ya mke wangu na mizigo yake yote.

"Chagua video tu," mjukuu akasema. "Sauti usiziguse. Hakikisha kabla hujafuta: soma juu umechagua nini."

Mwalimu alisoma, akahakikisha, akafuta. Jogoo mwenye miwani akaondoka. Wakati huo nilimpenda yule mtoto, nisiwe mwongo.

Halafu chaji. Wakaichomeka, wakasubiri betri ipite nusu, na mjukuu akasema hata ikiwa imepita ni bora waya ubaki, umeme ukikatika betri ipo, betri ikipungua umeme upo. Nikasema kutoka kwenye kigoda, "Kama kufuli na komeo." Akasema, "Hasa, babu." Nikapaka grisi kwa bidii zaidi.

Sasisho likapakuliwa, mstari wa bluu hadi mwisho. Kikatokea kitufe kipya: *Sakinisha sasa*.

"Hapa," mjukuu akasema, "itajizima na kujiwasha. Kioo kitakuwa cheusi. Ni kawaida. Tusiiguse tu mpaka imalize."

Mwalimu aliweka kidole. Akakitoa. Akakiweka. "Kaa karibu," akamwambia.

"Nipo, mke mwenza."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na sijui kwa nini sikukumbuka siku zote hizo. Darasa la jioni, taa ya chemli, mimi dume zima na kalamu imelala mkononi kama msumari uliopinda. Nilimwambia Mwalimu, "Nishikie mkono, nionyeshe." Wengine aliwashikia. Mimi hakunishikia. Alivuta kiti, akakaa kando, akasema, "Kalamu ni yako. Mimi nipo." Nikamchukia. Nikaandika.

Mwalimu akabonyeza.

Kioo cheusi. Ikaja nembo ya kampuni, ikaja duara linazunguka, ikaja maandishi *Inaboresha programu*. Nje kuku walikuwa wanakausha mabawa. Hatimaye kioo kikawaka kizuri, rangi mpya, saa imehamia katikati.

Mwalimu akagusa kwa kidole gumba. Ikakataa. *Weka namba ya siri. Inahitajika baada ya simu kuwashwa upya.*

"Ni sawa bibi," mjukuu akasema. "Ikizimwa na kuwashwa, kidole peke yake hakitoshi mara ya kwanza. Weka namba yako."

Mwalimu akaweka moja. Ikakataa. Akaweka nyingine. Ikakataa. Uso ukabadilika. "Nimesahau," akasema. "Tangu siku ile natumia kidole. Nimesahau." Sauti ikawa ya mtoto. "Zimo ndani. Zimo ndani na mimi niko nje."

"Tusikisie, bibi," mjukuu akasema, na kwa mara ya kwanza na yeye aliogopa. "Tukikosea mara nyingi itatufungia tungoje, na kila safari itatufungia zaidi. Hukuiandika popote? Mimi siijui."

Hakuna aliyeijua. Isipokuwa fundi makufuli.

Mbili, tatu, sifuri, nane. Ilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilishasimama, nimeshafika mezani, mkono umeshanyooka, na neno langu limeshafika kwenye meno: leta...

Nikalimeza.

Nikavuta kigoda upande wake wa pili. Nikakaa. Mikono nikaiweka chini ya mapaja, grisi na yote, suruali imeharibika.

Nikasema, "Mwalimu. Siku ile ulipoiweka ulikuwa umenikasirikia. Ulikuwa unanitazama mimi. Ulikuwa unawaza nini?"

Akanigeukia. Miwani ilikuwa na ukungu. Akanitazama muda, kama anayetafuta mtu kwenye picha ya darasa. Kisha uso ukafunguka, naapa nilisikia kama kitasa kinavyosema *tak* pini ya mwisho inapokaa.

Akageuka, akaandika. Mbili. Tatu. Sifuri. Nane.

Ikafunguka.

Programu ya ujumbe nayo ikataka sasisho lake dogo, akalibonyeza bila hata kumtazama mtu. Akafungua. Sauti zote zipo, foleni ndefu. Akagusa moja, yoyote tu. Shemeji akaanza kucheka kabla ya kusema, kama kawaida yake: "Dada, nimenunua simu mpya, usimpe Leta-Hapa habari hii, atapanda basi aje aninyang'anye!"

Wote wawili walicheka mpaka machozi. Mimi pia. Alikuwa amesema kweli, marehemu.

Nilingoja mjukuu aende kunawa. Nikauliza, nikitazama dirishani, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Ile tarehe ni ya nani?"

"Tarehe ipi?"

"Usinizungushe. Ishirini na tatu, mwezi wa nane. Nimeibeba tumboni masika mazima."

"Kwa hiyo ulichungulia! Na ulikuwa unaijua muda wote uliokuwa umekaa hapo?" Akavua miwani akaifuta. "Ni ya mwanafunzi mmoja mbishi kuliko wote niliowahi kufundisha. Ndiyo siku aliyoandika jina lake mwenyewe, mstari umepanda juu kama ngazi, halafu akainuka akalionyesha darasa zima kama amelichonga yeye."

"Alikuwa na haki," nikasema.

"Niliiweka kwa sababu nilijua tarehe hiyo hutaikumbuka kamwe."

Nilikwenda uani kuangalia bawaba. Haikuwa na tatizo lolote.

Jumapili

Kinyozi kamalizia kichwa. Sikutoa maelezo.

Jumatano. Manyunyu ya mwisho

Mke mdogo karudi chuoni. Nilimbebea begi hadi kituoni bila kuambiwa. Nikamuuliza jambo hilo la kukalia mikono kajifunza wapi. Akasema, "Kwa bibi. Ndivyo alivyonifundisha kusoma." Basi likaondoka.

Nilirudi polepole. Kumbe mimi na mke mdogo tumesoma darasa moja, na mimi ndiye niliyechelewa kuhitimu.

Jumatatu. Jua kali, mfereji umekauka

Mwalimu kafungua kopo mwenyewe. Lilichukua muda mrefu sana. Sitaki kulizungumza.

Alhamisi

Maandishi yamekuja tena kwenye kioo. Sasisho jingine, dogo, la usalama. Kumbe hayaishi, yanakuja kama mvua baada ya mvua.

Mwalimu aliyaangalia. Mikono nikaitia mfukoni. Kidole kikaenda kwenye Baadaye, kikasimama, kikarudi. Akavuta kiti cha pili mezani, akakipiga-piga kwa kiganja.

"Njoo ukae."

"Nifanye nini?"

"Ukae tu."

Nilikaa. Mtaa huu mzima, uulize nyumba kwa nyumba, hakuna mtu anayejua kukaa kama mimi.